Safura, mchango na dawa ya minyoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa maabara katika zahanati ya kijiji huku Tabora, upande wa mashamba ya tumbaku na mpunga. Maswali haya nimeulizwa dirishani pa maabara, kliniki ya akina mama, shuleni siku ya kugawa dawa, na mengine nimesimamishwa njiani nikiwa juu ya baiskeli. Safura nimeipa nafasi kubwa kuliko minyoo mingine, kwa sababu ndiyo inayowamaliza watu damu, na ndiyo ambayo watu wazima wengi wanatembea nayo bila kujua.

Safura na mchango si kitu kimoja?

Hapana. Yote ni minyoo ya tumbo, lakini haifanani hata kidogo.

Mchango ni ule mnyoo mrefu, mweupe unaoelekea pinki, ambao mama humwona mwanawe ameutoa kwenye haja kubwa au ameutapika. Unaweza kufika sentimita 20 au 30. Unalala ndani ya utumbo mwembamba na kula chakula kilichokwisha kusagika. Haujishiki kwenye ukuta wa utumbo wala haunyonyi damu. Mtu anaupata kwa kumeza mayai yake, kwenye mikono, maji, matunda ya chini au mboga isiyooshwa.

Mnyoo wa safura huwezi kuuona chooni. Ni mfupi, kama sentimita moja, na mwembamba kama uzi. Mdomoni una vibamba vikali, na jamaa zake wengine wana meno kabisa. Huuma ukuta wa utumbo, hukwaruza mishipa midogo, hunywa damu, kisha huhamia mahali pengine na kuacha kidonda kikivuja. Mate yake yana kitu kinachozuia damu kuganda, kwa hiyo hata ukishaondoka pale, damu huendelea kudondoka kwa muda. Huu haungoji umezwe. Unaingia kwa kutoboa ngozi, mara nyingi kati ya vidole vya miguu.

Wazee wetu waliijua safura kwa sura ya mgonjwa: amepauka, uso na miguu imevimba, anahema akipanda mwinuko mdogo. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na linahusu umanjano. Walikuwa wameona kweli, ila hawakuwa na darubini ya kumwona anayefanya hayo.

Mdudu wa sentimita moja anawezaje kummaliza mtu mzima damu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa mgonjwa niliyempima mwenyewe.

Alikuwa mama wa miaka 29, si mjamzito, mkulima. Masika analima mpunga, na tumbaku ikianza anashinda shambani toka alfajiri. Alikuja analalamika kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na kwamba ndoo ya maji aliyozoea kuibeba kichwani sasa inamshinda. Alisema pia, kwa aibu kidogo, kwamba anatamani udongo, na kwamba anaumega ukutani baada ya mvua akinusa ile harufu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na ndani ya kope hakukuwa na wekundu wowote. Malaria nilipima, hakuwa nayo. Himoglobini ilikuwa gramu 6.8 kwa desilita. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi, na akishuka chini ya 8 tunasema upungufu ni mkali.

Kwenye choo nilihesabu mayai 190 ya safura katika kipande kidogo kinachopimwa kwa kibati chenye tundu. Kibati hicho hubeba miligramu 41.7 tu za kinyesi, kwa hiyo unazidisha mara 24 ili upate mayai katika gramu moja. Yeye alikuwa na 4,560. Ukivuka 4,000 ni maambukizi mazito.

Jike moja la safura ya aina iliyoenea zaidi kwetu Afrika hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Ukikadiria kinyesi cha siku nzima, unapata majike mia moja au zaidi kidogo, na madume karibu idadi hiyohiyo. Tuseme minyoo 200, bila kutia chumvi. Kila mmoja humpotezea mtu damu kama mililita 0.03 kwa siku, chini hata ya tone moja. Zidisha kwa 200, unapata mililita 6 kwa siku. Kwa mwezi ni 180, yaani nusu ya chupa ya soda. Huyu mama alikuwa anamwaga nusu chupa ya soda ya damu kila mwezi, bila jeraha na bila kuona chochote, juu ya ile ya hedhi.

Sasa tuje kwenye madini ya chuma, maana chuma ndicho kiini cha habari. Mililita moja ya damu iliyo nzuri ina chuma karibu miligramu 0.4. Mililita 6 ni miligramu 2.4. Sehemu ya chuma hicho hunyonywa tena na utumbo kikiwa njiani, kwa hiyo tuhesabu kwamba kinachopotea kabisa ni kama 1.5. Mwili wa mwanamke hupoteza kama 1 kwa siku katika mambo yake ya kawaida, na hedhi ukiigawa kwa siku zote za mwezi ni kama nusu. Jumla ni 3. Na ugali, maharage na mchicha, pamoja na dagaa wa mara mojamoja, vinampa mwili wake labda 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa sababu chuma cha kwenye mimea hakiingii mwilini kirahisi. Anapungukiwa miligramu moja kila siku. Akiba ya mwanamke aliyekula vizuri ni kama 300. Kwa hesabu hiyo akiba inakwisha ndani ya mwaka mmoja, na baada ya hapo ndipo himoglobini inaanza kuporomoka.

Hii ndiyo sababu safura haimwangushi mtu ghafla. Damu inaposhuka polepole, moyo na mapafu hujifunza kuishi na kidogo. Na kadiri damu inavyokuwa nyepesi, kila mililita inayopotea hubeba chuma kidogo zaidi, hadi mtu anatulia mahali fulani pa chini, 6 au 7, akiendelea kulima. Majirani wanasema amekuwa mvivu. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na kila nikilisikia linaniuma.

Kutamani udongo ni dalili ya minyoo au ndiko kunakoleta minyoo?

Yote mawili yanawezekana, lakini si kwa minyoo ileile. Mwili uliokosa chuma mara nyingi huleta hamu ya vitu visivyoliwa: udongo, pemba, mchele mbichi, barafu. Hamu hiyo huisha chuma kikirudi, hata bila kukemewa. Kwa upande mwingine, udongo unaochotwa karibu na nyumba unaweza kuwa na mayai ya mchango. Kwa hiyo mama anayekula udongo usimcheke. Mpeleke akapime damu.

Nilipima choo nikaambiwa hakuna minyoo, mbona damu bado ni kidogo?

Kuna mambo mawili. Kwanza, huenda minyoo ipo na kipimo kimeikosa. Mayai ya safura yana ganda jembamba sana. Katika kile kipimo cha kibati tunatumia glisirini kung'arisha kinyesi, na glisirini ikikaa muda mrefu inayameza mayai ya safura yasionekane tena. Inabidi yasomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kopo lililoletwa asubuhi na kusomwa saa nane mchana linaweza kuonyesha mchango tu, maana mayai ya mchango ni magumu, na safura ikawa imeshayeyuka. Katika kipimo cha kawaida cha tone la maji ya chumvi na kioo, maambukizi mepesi hupita kirahisi. Ukileta choo, kilete kingali kibichi, na usione haya kuuliza kitasomwa lini.

Pili, si kila upungufu wa damu ni minyoo. Tabora na Kigoma zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na malaria huvunja chembe za damu yenyewe. Kuna selimundu, kuna kichocho, kuna hedhi nzito, kuna mimba zilizofuatana bila kupumzika. Mtu akisema "damu imepungua" bila kutafuta imeenda wapi, amefanya nusu ya kazi. Mara nyingi sababu ni mbili au tatu pamoja.

Shikamoo dokta. Nimemeza dawa ya minyoo tangu mwezi jana, mbona bado nimepauka?

Marahaba mama, ila mimi si daktari.

Dawa ya minyoo huziba tundu la ndoo. Haijazi maji. Yule mama wa 6.8 tukirudi kwake: ili afike 12, alihitaji chuma karibu miligramu 700 za kutengenezea damu, na nyingine kama 300 za kurudisha akiba. Jumla ni karibu 1,000. Kwa chakula peke yake, hata minyoo ikiwa imekwisha, ziada yake ni chini ya miligramu moja kwa siku. Ingemchukua zaidi ya miaka miwili, na katikati hapo angeweza kushika mimba.

Kidonge cha kuongeza damu, kile cha chuma na foliki ambacho pakiti yake imeandikwa FEFO, kina chuma miligramu 60, na mwili wenye njaa ya chuma huchukua labda 10 kati ya hizo. Gawa 1,000 kwa 10, unapata siku 100. Ndiyo maana anayekuandikia anasema miezi mitatu, na ndiyo maana anayeacha baada ya wiki mbili kwa kuwa "nimepata nguvu" hurudi tena mwaka unaofuata. Nguvu hurudi mapema. Akiba hujazwa mwisho.

Yule mama tulimpeleka kituo cha afya, akapimwa moyo na pumzi, ikaonekana hana haja ya kuongezewa damu. Alipewa albendazoli miligramu 400, kidonge kimoja, na vidonge vya chuma. Baada ya wiki nne alikuwa 8.9. Baada ya miezi mitatu alikuwa 11.8. Choo chake cha wiki ya tatu bado kilikuwa na mayai machache, akarudia dozi. Hilo si ajabu: dozi moja ya albendazoli humaliza safura kabisa kwa watu kama 8 kati ya 10, na kwa waliobaki hupunguza sana idadi. Mebendazoli ya dozi moja ni dhaifu zaidi kwa safura, ingawa kwa mchango zote mbili ni nzuri sana.

Vidonge vya chuma vinageuza choo kuwa cheusi, na wengine hupata kichefuchefu au kufunga choo. Usiogope weusi huo. Chai usinywe navyo, inazuia chuma kuingia. Ngoja saa moja au mbili. Na viwekwe mbali na watoto, kwa sababu mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Mawese, rozela au juisi nyekundu haviongezi damu?

Wekundu si chuma. Ndugu zetu wa Kigoma husema mawese yanaongeza damu, na wana sehemu ya ukweli: mawese mabichi mekundu yana utajiri wa vitamini A, na vitamini A husaidia mwili kutumia chuma chake. Lakini chuma chenyewe mawese hayana cha kutosha. Dagaa wa Ziwa Tanganyika kwenye sahani ya maharage wana kazi kubwa zaidi, kwa sababu samaki na nyama hufanya chuma cha maharage kiingie vizuri. Ndimu au chungwa vilevile. Ila kwa mtu mwenye 6.8, chakula ni cha kulinda, vidonge ndivyo vya kutibu.

Kama mchango haunyonyi damu, ubaya wake ni nini?

Kwa mtoto mwenye mmoja au miwili, pengine hakuna dalili yoyote. Ubaya unategemea idadi. Jike moja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, na mtoto anayecheza chini anaweza kukusanya minyoo mingi. Inagombania chakula naye, inamnyima vitamini A, inamwondolea hamu ya kula, na anadumaa. Kabla ya kutulia tumboni, watoto wa mchango hupita kwenye mapafu, ndiyo maana mtoto anaweza kukohoa na kupiga miluzi kifuani kwa siku kadhaa na ukadhani ni pumu.

Linalotisha ni fundo. Minyoo mingi ikijisokota pamoja huziba utumbo. Tumbo linavimba na kuwa gumu, mtoto anatapika, hata nyongo, hapati choo wala hatoi hewa. Hapo usimpe dawa ya minyoo nyumbani. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Kwa nini shuleni wanawapa watoto wote bila kuwapima?

Swali hili huulizwa na wazazi wenye akili timamu, na linastahili jibu kamili, si kuambiwa tu kwamba ni agizo la serikali.

Fikiria shule ya watoto 600. Kumpima kila mmoja, mimi peke yangu na darubini moja, nikisoma choo cha watoto 40 kwa siku bila kufanya kazi nyingine, ni siku 15. Kopo, kioo, kemikali na muda wangu vinagharimu mara nyingi zaidi ya kidonge chenyewe, ambacho kampuni zinazokitengeneza hukitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Na baada ya kazi hiyo yote, kipimo kitawakosa wengine. Kwa upande wa dawa, dozi ni moja kwa wote wenye miaka 2 na kuendelea, haihitaji kupima uzito, na kwa asiye na minyoo haifanyi madhara ya maana, kwa kuwa sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Mahali ambapo kupima ni ghali na huku kutibu ni rahisi na salama, kutibu wote ndiyo busara.

Lakini si kila mahali. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo pale ambapo watoto 20 au zaidi kati ya 100 wana minyoo, mara moja kwa mwaka. Wakivuka 50, mara mbili. Ili kujua hilo hupimwi wewe. Hupimwa sampuli ya watoto katika shule chache za eneo. Kwa hiyo vipimo vipo, ila vinapima jamii badala ya kumpima mtu mmojammoja.

Sababu ya pili inahusu udongo. Minyoo hii haizaliani ndani ya tumbo. Kila mnyoo uliomo tumboni uliingia peke yake kutoka nje. Kwa hiyo kila kidonge kinachoua jike kimezuia maelfu ya mayai kuanguka nyuma ya darasa na chini ya mwembe. Mtoto asiyemeza dawa anafaidi kidogo kutokana na waliomeza.

Usisahau pia kwamba lengo si kumwacha kila mtoto bila mnyoo hata mmoja. Lengo ni kuwaondoa wale wenye minyoo mingi, kwa sababu madhara yako kwenye wingi. Minyoo haigawanyiki sawa: watoto wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote ya shule. Kwa macho huwezi kuwajua, basi unawapa wote ili uwafikie hao.

Nimesoma kwamba wataalamu wanabishana kama dawa hizi zina faida. Kweli?

Kweli, na ni ubishi wa heshima. Mwaka 1998 ulianza utafiti katika shule 75 za Busia, magharibi ya Kenya, wa Edward Miguel na Michael Kremer. Waliona utoro umepungua kwa robo hivi katika shule zilizopewa dawa, hata kwa watoto ambao hawakumeza. Baadaye wengine walirudia hesabu zao na kuona sehemu ya faida ile haikusimama imara. Na ukichanganya tafiti nyingi, wastani wa kupanda kwa himoglobini au uzito baada ya dawa huwa ni mdogo sana.

Mimi ninavyouona wastani huo: ukimpa dawa mtoto asiye na minyoo, damu yake haipandi, kwa sababu haikuwa imeshuka. Ukiwachanganya kumi wa namna hiyo na mmoja aliyekuwa na minyoo 200, faida ya huyo mmoja inafichwa na wale kumi. Pamoja na hayo, mtoto mwenye safura hata akipona hapati chuma kutoka hewani. Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema kidonge peke yake hakitamaliza upungufu wa damu shuleni. Sikubaliani na anayesema basi kiachwe.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Mchango hujaa kwa watoto wa umri wa shule. Safura haifanyi hivyo: huongezeka kadiri mtu anavyokua, na walio nayo zaidi mara nyingi ni watu wazima, wakulima. Ukitibu shule peke yake, ghala la safura linabaki nyumbani, kwa baba, mama na bibi, na udongo unaendelea kupandwa mayai. Huko Kwale, pwani ya Kenya, utafiti uliofanyika kati ya 2015 na 2017 ulilinganisha njia hizo. Palipotibiwa watoto wa shule tu, safura ilibaki kwa watu karibu 14 kati ya 100. Palipotibiwa jamii nzima mara moja kwa mwaka ilishuka hadi 8, na mara mbili kwa mwaka hadi 6. Vijiji vyetu vilivyowahi kumeza dawa za matende na mabusha vilipata faida hiyo pembeni, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na albendazoli.

Mwanangu alimeza shuleni akaumwa tumbo. Walimpa sumu?

Hapana. Maumivu madogo ya tumbo, kichefuchefu au kichwa kuuma hutokea, hasa kwa mwenye minyoo mingi, pale inapokufa na kutoka. Huisha ndani ya siku moja. Siku ambayo dawa ya kichocho inatolewa pamoja, mtoto lazima awe amekula. Akimeza na njaa atatapika na kuzunguzika, na uvumi utafika sokoni kabla yake. Mtoto mwenye kifafa, mwalimu aambiwe mapema. Mahali penye tegu la nguruwe, baadhi ya watu wana viluwiluwi vyake kwenye ubongo, na albendazoli inaweza kuamsha degedege. Huyo apewe dawa akiwa chini ya uangalizi wa daktari.

Mtoto mdogo je?

Chini ya mwaka mmoja hapewi katika kampeni. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili ni nusu ya albendazoli, miligramu 200. Hutolewa pamoja na matone ya vitamini A katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto. Kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji. Anayelia asishikwe kwa nguvu wala kubanwa pua, maana hatari kubwa ya siku ile ni kidonge kumkaba.

Mjamzito anaruhusiwa?

Ndiyo, miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Ukienda kliniki hupewa dozi moja pamoja na vidonge vya chuma. Ukiwa na mimba changa, au ukiwa huna hakika kama umeshika mimba, sema kabla ya kupewa. Damu kidogo wakati wa kujifungua ni hatari kuliko dawa hii: mwenye 11 na mwenye 6 wakitokwa na damu ileile, mmoja anarudi nyumbani na mwingine huenda asirudi.

Mbona inarudi kila mwaka?

Kwa sababu dawa haiachi kinga. Mchango hurudi haraka zaidi. Mwaka mmoja baadaye hali inaweza kukaribia ilivyokuwa. Safura hurudi polepole, ila hurudi.

Njia yake ni hii. Mtu anajisaidia pembeni ya jaruba au nyuma ya kichuguu, kwenye kivuli na unyevu. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya siku 5 hadi 10 kiluwiluwi kimekomaa, kinapanda juu ya udongo na kungoja mguu. Kinaweza kungoja wiki tatu au nne, mradi pasikauke. Udongo wetu wa kichanga unakifaa, kwa sababu kinapenya kati ya chembe zake. Jua kali la Agosti hukiua, ndiyo maana msimu wake ni wa mvua. Mguu ukifika, panawasha kati ya vidole, na wiki 5 hadi 8 baadaye mnyoo mpya unataga.

Kwa hiyo choo cha nyumbani pekee hakitoshi kama shamba liko mwendo wa saa moja. Familia mbili nilizoziona zimefanikiwa zilichimba shimo la choo palepale kwenye kibanda cha shambani, likafunikwa kwa mbao. Kandambili husaidia kijijini. Kwenye tope la jaruba hazikai mguuni, na nisingependa kumdanganya mtu kwamba zinakaa. Buti za plastiki zinakaa, mwenye uwezo anunue.

Mume wangu anasema dawa ya minyoo ni ya watoto. Nimwambie nini?

Mwambie aje na kopo. Yule mama wa 6.8 alipopata nafuu nilimwomba alete choo cha watu wote wa nyumbani. Watoto wawili wa shule walikuwa wamemeza dawa miezi michache nyuma, na hawakuwa na kitu. Mumewe alikuwa na mayai zaidi ya 2,000 kwa gramu, na mama mkwe karibu hivyohivyo. Himoglobini ya mume ilikuwa 11.1, na mwanamume anatakiwa awe na 13. Yeye alikuwa akisema ni uchovu wa kukausha tumbaku. Mume, mke na mama mkwe, wote watatu walimeza siku moja, kidonge kimoja kimoja.